Bei moja miaka 15 au bei inayopanda kila mwaka? Kupima mikataba miwili ya umeme wa gridi ndogo

Mwekezaji ana mtambo wa sola wenye betri katika kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria. Mteja wake mkubwa ni kiwanda cha barafu kilichopo mwaloni, ambacho mpaka leo kinaendeshwa na jenereta ya dizeli. Wamekubaliana kuuziana uniti 200,000 kwa mwaka kwa miaka 15, na kiwanda kitalipia uniti hizo hata kisipozitumia zote. Kilichobaki ni bei, na mezani kuna karatasi mbili.

Karatasi ya kwanza, tuiite A, inasema shilingi 900 kwa uniti tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Karatasi ya pili, B, inaanza na shilingi 720, kisha bei inapanda asilimia 4 kila mwaka juu ya bei ya mwaka uliotangulia. Namba hizi ni za mfano na nimezipanga ziwe rahisi kuhesabika, ila umbo la ofa zote mbili ni lile lile linaloonekana kwenye mikataba halisi ya aina hii.

Wengi huanza kwa kujumlisha. Bei ya A kwa miaka 15 inafika shilingi 13,500 kwa kila uniti moja ya mwaka. Ya B inafika takriban 14,417. Zidisha kwa uniti 200,000: A inaleta shilingi bilioni 2.7, B inaleta karibu bilioni 2.88. Tofauti ni shilingi milioni 183, na muuzaji anayeona namba hiyo anashika kalamu asaini B. Nimeshawahi kukaa kwenye kikao ambacho hesabu iliishia hapo hapo, chai ikamiminwa.

Kosa lake ni kuihesabu shilingi ya mwaka wa 15 sawa na shilingi ya mwaka wa kwanza.

Shilingi ya mbali ina uzito gani leo

Muuzaji wetu anakopa benki kwa riba ya asilimia 17, na wanahisa wake wanadai zaidi ya hapo. Kwa hiyo fedha yake ina gharama ya takriban asilimia 18 kwa mwaka, na hicho ndicho kiwango cha punguzo atakachotumia. Maana yake ni kwamba shilingi 118 za mwakani zina thamani ya shilingi 100 leo. Ukiendelea kugawa kwa 1.18 kila mwaka, shilingi 100 za mwaka wa 15 zinabaki na thamani ya shilingi 8 na senti 35 tu.

Sasa linganisha ncha mbili za ofa hizi. Katika mwaka wa kwanza B inampa muuzaji shilingi 180 pungufu kwa kila uniti. Pengo hilo kwa thamani ya leo ni shilingi 153. Katika mwaka wa 15 bei ya B imefika 1,247, yaani imeizidi A kwa shilingi 347. Ziada hiyo kubwa, ikirudishwa leo, ina thamani ya shilingi 29.

Kuna jambo moja linalorahisisha kazi hii. Gharama za ujenzi, mishahara ya mafundi na betri ni zile zile, uchague A au B. Kwa kuwa tunalinganisha tu, hatuhitaji kuziweka. Tofauti ya thamani ya mapato ndiyo tofauti ya thamani ya mradi mzima. Kodi ya mapato itasogeza namba kidogo, lakini haitageuza mshindi mara nyingi. Haya ndiyo matokeo, kwa mamilioni ya shilingi za leo:

| Kiwango cha punguzo | Ofa A | Ofa B | Inayozidi |
|---|---|---|---|
| 8% | 1,541 | 1,556 | B kwa 15 |
| 10% | 1,369 | 1,365 | A kwa 4 |
| 18% | 916 | 874 | A kwa 43 |

Zile milioni 183 zilizoonekana kuwa faida ya B zimegeuka kuwa hasara ya milioni 43 kwa muuzaji wa asilimia 18. Mahali ofa mbili zinapolingana kabisa ni kwenye punguzo la takriban asilimia 9.6. Chini ya hapo B ina thamani kubwa zaidi, juu ya hapo A.

Ukitaka kuirudia hesabu hii kwenye Excel, weka miaka 1 hadi 15 kwenye safu ya A kuanzia A2, bei za ofa A kwenye safu ya B na za ofa B kwenye safu ya C, ukinakili kanuni ya C2 mpaka C16:

```
C2:  =720*1.04^(A2-1)
     =NPV(18%,B2:B16)*200000
     =NPV(18%,C2:C16)*200000
```

Angalizo moja hapa. `NPV` huchukulia kwamba kisanduku cha kwanza ni fedha ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Siku utakapoongeza gharama ya ujenzi, inayolipwa leo, iweke nje ya mabano. Ukiiingiza ndani kama kisanduku cha kwanza, kila fedha itasogezwa mwaka mmoja mbele na jibu lote litagawanywa kwa 1.18 bila sababu, na hasara ya mradi mbovu itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

B ni mkopo uliofichwa ndani ya bei

Hiyo asilimia 9.6 ina maana inayofaa kukaliwa kwa muda, kwa sababu ndiyo inayoeleza ofa B ni kitu gani hasa.

Katika miaka sita ya kwanza muuzaji anapokea pungufu ya alichokuwa akipata kwenye A: shilingi 180 mwaka wa kwanza, 151 wa pili, 121 wa tatu, na kuendelea mpaka 24 mwaka wa sita. Jumla yake kwa uniti zote ni kama shilingi milioni 125. Kuanzia mwaka wa saba bei ya B inafika 911, na hapo mteja anaanza kulipa zaidi ya 900, kidogo kidogo mpaka mwisho. Huo ni mkopo. Muuzaji anamkopesha kiwanda milioni 125 kwa awamu sita, na kiwanda kinarejesha kwa awamu tisa. Riba ya mkopo huo ni asilimia 9.6.

Muuzaji huyu anakopa kwa asilimia 17. Anayekopa kwa 17 na kukopesha kwa 9.6 anajua mwenyewe anakoelekea. Na mkopo wenyewe hauna dhamana ya kushikika. Dhamana yake pekee ni kwamba mkataba utaendelea kuwa hai.

Ndiyo maana swali la kwanza kumwuliza muuzaji ni fedha yake imetoka wapi. Mradi uliojengwa kwa ruzuku kubwa na mkopo nafuu wa asilimia 6 au 7 unaweza kumkopesha mteja kwa 9.6 na ukabaki na kitu. Mradi wa mfanyabiashara aliyeweka hati ya nyumba benki hauwezi.

Kwa upande wa mnunuzi mambo yamepinduka. Kiwanda cha barafu kinachohangaika na mtaji, kinachonunua vipuri kwa mkopo ghali, kinaiona B kama mkopo wa bei nafuu ambao benki isingekipa. Kinaitaka B, na kina haki ya kuitaka. Lakini kama mnunuzi ni hospitali ya misheni au taasisi yenye akiba benki inayozaa asilimia 8, kwake A ndiyo nafuu: thamani ya leo ya anacholipa ni milioni 1,541 badala ya 1,556.

Hapo panazaliwa nafasi nzuri ya mazungumzo. Muuzaji wa asilimia 18 anayepewa B anapata thamani sawa na bei tambarare ya shilingi 858. Mnunuzi wa asilimia 8 anayelipa B anatoa thamani sawa na bei tambarare ya shilingi 909. Bei yoyote tambarare iliyo kati ya 858 na 909 inawafaa wote wawili kuliko B. Hakuna anayemwibia mwenzake. Tofauti ya gharama ya fedha zao ndiyo inayotoa nafasi hiyo. Wakiwa wote wa asilimia 18, nafasi hiyo haipo, na kila shilingi anayopata mmoja inatoka mfukoni mwa mwingine.

Na ikiwa mnunuzi anashikilia B tu, muuzaji asiseme hapana moja kwa moja. Aombe bei ya kuanzia iwe 755 badala ya 720, nyongeza ibaki asilimia 4. Kwa punguzo la 18, B ya 755 inalingana na A.

Ile miaka ya mwisho ndiyo isiyoaminika

Ahadi ni deni, lakini deni la mwaka wa 13 hudaiwa kwa mtu ambaye huenda ameshapata umeme mwingine.

Angalia bei ya B inavyotembea. Mwaka wa 10 ni shilingi 1,025. Mwaka wa 11 ni 1,066. Jenereta inayokula lita 0.35 kwa uniti moja, dizeli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, inatoa uniti kwa mafuta ya shilingi 1,050. Dizeli nayo itapanda, ndiyo, lakini hakuna anayeweza kuahidi kwamba itapanda asilimia 4 kila mwaka bila kukosa. Mnunuzi anayeanza kulinganisha bili yake na jenereta iliyolala stoo ameshaanza kutafuta mlango.

Tishio kubwa zaidi ni gridi ya taifa. Kwa agizo la bei la EWURA la mwaka 2016, mteja wa TANESCO wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, alipangiwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na mteja mdogo wa D1 shilingi 100. Nguzo zikifika kisiwani kwa waya wa chini ya maji, hakuna kifungu kitakachomfanya mwenye kiwanda alipe elfu moja kwa moyo mkunjufu. Atalipa kwa kulazimishwa, au atarudi mezani akitaka bei ishushwe. Serikali pia inaweza kuingilia: mwaka 2020 iliagiza waendeshaji wa gridi ndogo Tanzania wauze umeme kwa wananchi kwa shilingi 100 kwa uniti, bei ambayo waliojenga kwa hesabu za kibiashara hawakuwa wameifikiria.

Tuseme basi mkataba unakufa mwisho wa mwaka wa 8. Kwa punguzo la 18, A imeshaleta thamani ya milioni 734 na B milioni 654. Pengo limekua kutoka 43 hadi 80. Na yule mwenye fedha nafuu ya asilimia 8, ambaye B ilimfaa kwa milioni 15? Kwake A sasa inaizidi B kwa milioni 96. Mkopo umetolewa kwa miaka sita, umerejeshwa kwa miwili.

Si lazima ujue mwaka wa kifo cha mkataba. Unaweza kuuliza hivi: kila mwaka, kuna uwezekano wa asilimia ngapi kwamba mkataba huu utavunjika au bei itashushwa kwa nguvu? Uwezekano huo unafanya kazi ile ile ya kiwango cha punguzo. Unakula fedha za mbali kuliko za karibu. Gawa 1.08 kwa 1.096 na utaona kwamba uwezekano wa asilimia 1.5 tu kwa mwaka unatosha kuifuta faida yote ya B hata kwa mwenye fedha ya asilimia 8. Asilimia 1.5 ni ndogo sana. Sijaona kisiwa wala kijiji ambacho ningethubutu kusema hatari yake ni ndogo kuliko hapo kwa miaka 15.

Kuna hoja moja inayotolewa kuitetea B: kwamba matumizi yatakua, hivyo bei kubwa itakutana na uniti nyingi. Hoja ni ya kweli na hesabu yake ni fupi. Gawa 1.18 kwa 1.096. Uniti zinatakiwa zikue kwa karibu asilimia 7.7 kila mwaka, bila kupumzika, ndipo B iifikie A kwa muuzaji wa asilimia 18. Hiyo ni kufikia mara 2.8 ya mauzo ya mwanzo ifikapo mwaka wa 15, na mtambo uwe na uwezo wa kuzitoa uniti hizo, jambo ambalo kwa sola maana yake ni kununua paneli na betri zaidi.

Mahali A inapouma

Nisionekane kuipigia A debe. Ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo hauonekani mpaka mkataba uzeeke.

Tuweke gharama za uendeshaji kwenye picha: milioni 30 mwaka wa kwanza, zikipanda asilimia 5 kwa mwaka kwa sababu mafundi, walinzi na mafuta ya boti havisubiri mkataba wa mtu. Mradi una mkopo wa milioni 400 kwa asilimia 17, unaolipwa kwa miaka 8, marejesho yakiwa milioni 95 kila mwaka.

Chini ya A, mwaka wa kwanza unaacha milioni 150 baada ya gharama, ambazo ni mara 1.58 ya marejesho. Mwaka wa 8 umeshuka hadi mara 1.45. Benki inalala usingizi. Chini ya B, mwaka wa kwanza unaacha milioni 114, mara 1.20 tu ya marejesho. Mwaka wa tatu ni 1.29, na mwaka wa 8 ni 1.55. Kwa B hatari ipo mwanzoni kabisa, wakati mtambo ni mpya, mita bado zinasumbua na mteja hajazoea kulipa kwa wakati. Akichelewesha bili ya miezi miwili mwaka wa kwanza, fedha ya marejesho haitoshi. Hii pekee huwafanya maofisa wa mikopo wakatae B kabla hawajafungua ukurasa wa pili.

Baada ya mkopo kuisha, kibao kinageuka. Mwaka wa 10 betri zinahitaji kubadilishwa. Tuseme milioni 150. Chini ya A mwaka huo unaacha milioni 133, hazitoshi. Chini ya B unaacha 158, zinatosha. Kufikia mwaka wa 15, A inaacha milioni 121 na B milioni 190. Mwenye A aliyegawa faida yote ya miaka ya mwanzo kwa wanahisa atafika mwaka wa 10 akiwa na betri zilizochoka na mfuko mtupu, na atakwenda kumwomba mteja aongeze bei ambayo mkataba unasema haiongezeki. Dawa ni kutenga akiba ya betri tangu mwaka wa kwanza kwenye akaunti isiyoguswa, na kuandika sharti hilo ndani ya mkataba wenyewe. Bila akaunti hiyo ningesita kumshauri mtu achukue A.

Kuna pia mfumuko wa bei. Tangu 2018 Tanzania imekuwa na mfumuko kati ya asilimia 3 na 5, na vijana wanaochora hesabu leo wanaona huo ndio mwendo wa dunia. Desemba 2011 ulifika asilimia 19.8. Mtu aliyesaini bei tambarare ya shilingi mwaka 2009 aliona mishahara na mafuta vinamkimbia ndani ya miaka mitatu. Lakini angalia: nyongeza ya asilimia 4 isiyobadilika isingemwokoa huyo pia. B inapanda kwa kiwango kilichokisiwa siku ya kusaini, haifuati mfumuko. Watu huiuza kama kinga dhidi ya mfumuko, kumbe ni ngazi iliyojengwa kwa vipimo vya siku moja.

Njia ya katikati

Kenya ilishafikiria jambo hili kwenye sera yake ya bei za kununulia umeme jadidifu ya mwaka 2012. Jedwali la bei lilikuwa na safu inayoonyesha ni sehemu gani ya bei inaruhusiwa kupanda kila mwaka. Kwa umeme wa sola nje ya gridi, bei ilikuwa senti 20 za dola kwa uniti, na sehemu inayopanda ilikuwa asilimia 8 tu ya bei hiyo. Kwa upepo ilikuwa asilimia 12, kwa biomasi asilimia 15. Mantiki yake ni nzuri: sehemu kubwa ya bei ya sola inalipia vifaa vilivyonunuliwa siku moja, na vifaa hivyo havipandi bei baada ya kununuliwa. Kinachopanda ni uendeshaji. Basi kipande cha uendeshaji ndicho kipande kinachostahili kupanda. Biomasi, inayonunua kuni au pumba kila siku, inastahili kipande kikubwa zaidi.

Tulete mantiki hiyo kisiwani kwetu. Uendeshaji wa milioni 30 ukigawanywa kwa uniti 200,000 ni shilingi 150. Ofa C iwe shilingi 870: 720 zisizobadilika na 150 zinazofuata Fahirisi ya Bei za Walaji ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Mfumuko ukiwa asilimia 4, thamani ya C kwa muuzaji wa asilimia 18 ni milioni 915, karibu sawa kabisa na A. Mwaka wa kwanza unamudu marejesho mara 1.51. Bei ya mwaka wa 15 inafika 980 tu, haimfukuzi mteja. Na mwaka kama 2011 ukirudi, kile kipande cha 150 kitaruka pamoja na mishahara.

C si ya bure. Mfumuko ukipanda ghafla, mnunuzi ndiye anayebeba, hivyo atataka dari, tuseme asilimia 10 kwa mwaka, na muuzaji atataka sakafu ya sifuri ili bei isishuke. Vyote viwili ni vya haki. Pia C haitibu tatizo la mkopo wa dola. Kama betri na paneli zimekopwa kwa dola na bei ni ya shilingi, kushuka kwa shilingi ni hatari tofauti inayohitaji kifungu chake.

Kwa muuzaji anayekopa kwa riba ya soko, mimi ningependekeza C, kisha A yenye akaunti ya betri. B ningeiacha kwa miradi ya ruzuku, na kwa mnunuzi ambaye kweli hawezi kumudu miaka ya mwanzo.

Maneno ya kifungu

Kabla hujajaza namba yoyote kwenye jedwali, hakikisha unapunguza kwa kiwango cha aina ile ile na mapato. Bei ya B imeandikwa kwa shilingi za kila mwaka, mfumuko ukiwa ndani yake. Lazima ipunguzwe kwa kiwango chenye mfumuko ndani. Nimeona jedwali ambalo mtaalamu alichukua gharama ya fedha ya asilimia 13, akaiondolea mfumuko wa 4 ikabaki takriban 8.7, kisha akapunguzia bei za B zilizokwisha kupandishwa. Kwa 13 halali A inashinda. Kwa 8.7 B ikashinda, maana ipo chini ya 9.6. Mshindi aligeuzwa na kisanduku kimoja.

Halafu soma sentensi yenyewe ya nyongeza. "Bei itaongezeka kwa asilimia 4 kila mwaka" haitoshi. Asilimia 4 ya nini? Ikiwa ni ya bei ya mwaka uliotangulia, mwaka wa 15 unafika 1,247. Ikiwa ni ya bei ya mwanzo, yaani shilingi 28.80 zile zile kila mwaka, unafika 1,123. Tofauti ya shilingi 124 kwa uniti katika mwaka mmoja, na kila upande utakuwa na wakili wake anayesoma sentensi ile ile. Andika kanuni, na chini yake weka jedwali la bei za miaka yote 15. Jedwali halibishaniwi.

Mwisho ni tarehe. Nyongeza inaanza kuhesabiwa siku ya kusaini, au siku umeme unapoanza kuuzwa? Kati ya siku hizo mbili hupita vibali, forodha, masika na meli ya kusubiri. Ikichukua miaka miwili na kifungu kinahesabu tangu kusaini, uniti ya kwanza haitauzwa kwa 720 bali kwa 779, na mwaka wa 15 wa mauzo utafika 1,349. Kumbuka kwamba muuzaji wetu alihitaji kuanzia 755 tu ili B ilingane na A. Kwa neno moja la tarehe, B imekuwa ofa bora kwake, na kiwanda cha barafu kimeanza kulipia mkopo ambao hakikuupokea.